Hati yenye tarehe mbili: kutatua makosa ya kunakili tarehe za Hijria na Miladia

Hati za ndoa, za kuzaliwa, za mirathi na za wakfu zinazotoka Omani, Saudia na mwambao wa Afrika Mashariki mara nyingi hubeba tarehe mbili kwenye mstari mmoja, moja ya Hijria na nyingine ya Miladia, zikitenganishwa na neno lenye maana ya «muwafaka na» au «sawa na». Anayezinakili au kuzitafsiri hutakiwa kuzitoa zote mbili. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini humo ndimo yanamotokea makosa yasiyoonekana kwa jicho, kwa sababu tarehe iliyoharibika bado huonekana kama tarehe.

Mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unakwenda kwenye chanzo. Kanuni moja inatawala yote yanayofuata: tarehe iliyoandikwa kwenye hati hunakiliwa, na tarehe inayopatikana kwa hesabu hutumiwa kupimia tu. Zikichanganywa katika kisanduku kimoja, hakuna atakayeweza baadaye kujua ipi ilikuwa ya kadhi na ipi ilikuwa ya kompyuta.

Kipimo cha kwanza: tofauti na alama yake

Kabla ya kutafuta kosa lolote, geuza tarehe ya Hijria kwa programu inayofuata kalenda ya Ummul-Qura, ambayo ni kalenda ya hesabu inayotumika Saudia, kisha uchukue tarehe ya Miladia iliyoandikwa kwenye hati na kutoa ile iliyokokotolewa. Jibu liandike kwa siku, pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa. Kwa anayetumia Python, maktaba ya `hijridate` inatosha:

```
from hijridate import Hijri
print(Hijri(1444, 10, 10).to_gregorian())
# 2023-04-30
```

Maktaba hiyo inakubali miaka ya Hijria kuanzia 1343 hadi 1500 tu, yaani kuanzia mwaka 1924 wa Miladia. Ukiipa mwaka wa nyuma zaidi itakataa, na kukataa huko si kosa la hati wala la mnakili. Kwa hati za karne ya 19, kama barua na hati za Kiarabu za Unguja, tumia hesabu ya jedwali, ile inayogawa miezi 30 na 29 kwa kupishana na kuongeza siku moja katika miaka 11 ya kila mzunguko wa miaka 30. Kama unataka tarehe ya kuhakikishia kwamba hesabu yako ya jedwali inafanya kazi, 19 Safar 1273 inapaswa kukupa Jumapili, 19 Oktoba 1856, siku aliyofariki Sayyid Said. Mwezi mwandamo wa zamani ulifuata macho ya watu wa mahali, kwa hiyo katika hati hizo tofauti ya siku mbili nisingeihesabu kuwa kosa.

Ukubwa wa tofauti ndio unaokuelekeza pa kutafuta. Siku moja ina maana yake, siku 9 ina maana nyingine, na siku 29 au 30 ina nyingine kabisa.

Dalili: tarehe mbili za hati zinapishana kwa siku moja na hesabu

Hii ndiyo dalili inayotokea mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Mnakili anaona kwamba hesabu haikubaliani na hati, anadhani karani wa mahakama amekosea, na «anasahihisha». Tuchukue hati ya ndoa ya Omani iliyoandikwa Jumatatu, 10 Shawwal 1444, sawa na 1/5/2023. Programu, kama ilivyoonekana hapo juu, inasema kuwa 10 Shawwal ilikuwa 30 Aprili 2023. Tofauti ni +1.

Chanzo kiko mbinguni, hakiko kwenye karatasi. Mwaka huo Saudia ilisali Idi ya kufungua Ijumaa, 21 Aprili 2023, ilhali Omani, ambako mwezi haukuandama usiku uliotangulia, ilikamilisha siku 30 za Ramadhani na kusali Jumamosi, 22 Aprili. Mosi Shawwal ya Omani ilikuwa 22 Aprili, na ukihesabu hadi kumi unafika Jumatatu, 1 Mei. Hati iko sahihi, na programu nayo iko sahihi kwa kalenda yake. Hali hiyo ilijirudia mwaka uliofuata, kwani Saudia ilichinja tarehe 16 Juni 2024 na Omani tarehe 17 Juni, ingawa kwa wote wawili siku hiyo ilikuwa 10 Dhul-Hijja 1445. Kwetu mwambao jambo hili halihitaji kuelezwa sana, maana katika mtaa mmoja utakuta waliofungua na wanaosubiri mwezi wao.

Kinachoamua ni jina la siku ya juma, iwapo limeandikwa. Juma halijui mwandamo. Jumatatu ni Jumatatu Maskati, Makka na Lamu. Katika mfano wetu, 1 Mei 2023 ilikuwa Jumatatu na 30 Aprili ilikuwa Jumapili, na kwa kuwa hati inataja Jumatatu, tarehe yake ya Miladia imethibitishwa na ushahidi wa hati yenyewe. Kwa sababu hiyo jina la siku linapaswa kunakiliwa katika sehemu yake hata kama aliyekupa kazi hakuliomba. Wengi huliacha wakiliona kuwa la ziada, na wanapolihitaji hati huwa imesharudishwa kwa mwenyewe.

Sasa alama ya tofauti. Mahali panapofuata mwandamo wa ndani, mwezi kwa kawaida huanza sawa na Ummul-Qura au siku moja baadaye, na kwa hiyo tofauti ya kawaida ni sifuri au +1. Ukipata −1, fikiria kwanza saa ya tukio. Siku ya Hijria huanza jua linapotua, na ya Miladia huanza saa sita ya usiku. Ndoa iliyofungwa baada ya sala ya Isha imeshaingia katika siku mpya ya Hijria, huku tarehe ya Miladia ikiwa bado ni ileile ya mchana. Msemaji wa Kiswahili ana njia yake ya kueleza hali hiyo: ni Jumatatu usiku kuamkia Jumanne, na wazee wa pwani watauita moja kwa moja usiku wa Jumanne. Hapo tahadhari inahitajika hata kwa jina la siku, kwani karani anaweza kuandika «usiku wa Jumanne» kando ya tarehe ya Miladia ya Jumatatu, na asiwe amekosea.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao ni rahisi kuupita. Chukua ndoa iliyofungwa Omani usiku huohuo wa Jumatatu, 1 Mei, baada ya Isha. Kwa hesabu ya Omani usiku huo ni wa 11 Shawwal. Programu itasema kuwa 11 Shawwal 1444 ni 1 Mei 2023, tofauti sifuri, na mkaguzi ataridhika. Kumbe kuna +1 ya mwandamo na −1 ya kutua kwa jua, na zimefutana. Tarehe hazikuharibika, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Lakini atakayechukua hati hiyo kama ushahidi kwamba Omani ilianza Shawwal pamoja na Saudia atakuwa amepotoka. Saa ya tukio, ikiwa imeandikwa, nayo inakiliwe kama ilivyo.

Tiba ya tofauti ya siku moja, basi, ni kutogusa chochote. Nakili zote mbili, weka iliyokokotolewa pembeni pamoja na jina la kalenda iliyotumika, na uandike tofauti.

Dalili: tofauti ni kubwa kuliko siku mbili

Hapa hesabu inakuonyesha usomaji mbaya, na mara nyingi ukubwa wa tofauti unataja kosa kwa jina.

Tofauti ya siku 9, 18 au 27 huashiria sifuri iliyopotea. Katika tarakimu za Kiarabu cha mashariki sifuri ni nukta tu, na nukta hiyo hupotea kirahisi kwenye nakala ya mashine au kwenye picha ya simu. Kumi inasomwa moja, ishirini inasomwa mbili, thelathini inasomwa tatu. Rudi kwenye karatasi ya asili, au angalau kwenye picha kubwa zaidi, utafute nukta kulia kwa tarakimu iliyobaki.

Tofauti ya miaka mitano kamili, au ya miaka hamsini, hutokana na tano. Tano ya Kiarabu cha mashariki ni kiduara, na jicho lililozoea tarakimu za Kizungu huiona kuwa sifuri. Sita nayo hufanana na saba yetu, jambo linalozalisha kosa la mwaka mmoja au la miaka kumi. Hizi hapa ziko pamoja, kuanzia sifuri hadi tisa:

```
٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩
0 1 2 3 4 5 6 7 8 9
```

Mwandiko wa mkono una balaa lake peke yake, kwani tatu ya mkono mara nyingi huandikwa kwa namna inayofanana na mbili ya chapa. Dawa ni kutafuta mahali pengine katika hati hiyohiyo ambapo karani yuleyule ameandika namba unayoijua, kama mwaka uliochapwa juu ya fomu au kiasi cha mahari kilichorudiwa kwa maneno, ukalinganisha mkono.

Tofauti ya siku 29 au 30 karibu kila mara ni kuchanganya mwezi wa kwanza na wa pili wa jozi. Rabiul-Awwal na Rabiul-Akhir, Jumadal-Ula na Jumadal-Akhira: makarani hufupisha sehemu ya pili ya jina, na msomaji hujaza anayoizoea. Ikiwa sehemu ya pili haisomeki, andika kwamba haisomeki. Tarehe ya Miladia itakuambia ni mwezi upi, lakini hilo liwe katika maelezo, si ndani ya nakala.

Tofauti ya siku 354 au 355 ni mwaka wa Hijria uliokosewa kwa mmoja. Kwanza jishuku mwenyewe, kisha mshuku karani, hasa ikiwa hati ni ya Muharram, kwani mkono uliozoea kuandika mwaka uliopita huendelea nao kwa siku kadhaa, kama sote tunavyofanya Januari. Karani akiwa ndiye aliyekosea, mwaka wake unabaki kama alivyouandika.

Dalili: hati ya pwani inapishana kwa siku 88 au 89, au kwa siku zipatazo 266

Dalili hii ni ya kwetu, na nimeona wanakili hodari wa Kiarabu wakikwama nayo kwa sababu hawakukulia mwambao. Katika barua, madaftari ya misikiti na kumbukumbu za familia zilizoandikwa kwa Kiswahili, miezi ya Hijria mara nyingi haitajwi kwa majina ya Kiarabu bali kwa kuhesabu tangu kufungua Ramadhani. Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhul-Qaada ni Mfunguo Pili, Dhul-Hijja ni Mfunguo Tatu, Muharram ni Mfunguo Nne, na hivyo hivyo hadi Jumadal-Akhira, ambayo ni Mfunguo Tisa. Baada ya hapo hesabu inakatika: Rajabu, Shaabani na Ramadhani hubaki na majina yao.

Mnakili asiyejua hayo huona «Mfunguo Nane» akaandika mwezi wa 8. Mwezi wa 8 wa Hijria ni Shaabani, lakini Mfunguo Nane ni Jumadal-Ula, mwezi wa 5. Amevuka miezi mitatu, na tofauti inatoka siku 88 au 89. Akikutana na Mfunguo Mosi na kuandika mwezi wa 1, amerudi nyuma miezi tisa, kiasi cha siku 266, na mara nyingi mwaka wa Miladia pia utaonekana umebadilika.

Kanuni ya kubadili ni fupi. Mfunguo wa nne hadi wa tisa, toa 3. Wa kwanza hadi wa tatu, ongeza 9. Atakayeisahau akumbuke Maulidi: huadhimishwa tarehe 12 Mfunguo Sita, na kila mtu anajua kwamba ni Rabiul-Awwal, mwezi wa 3.

Kuna la kuangalia kuhusu mwaka pia. Mfunguo Mosi si mwanzo wa mwaka wa Hijria. Mwaka hubadilika Mfunguo Nne. Kwa hiyo Mfunguo Tatu 1290 na Mfunguo Nne 1291 ni miezi inayofuatana, na msomaji asidhani kuwa kuna mwaka mzima kati yake. Katika nakala, neno «Mfunguo» libaki kama lilivyo kwenye sehemu ya maandiko, na namba ya mwezi iingie kwenye sehemu ya tarakimu. Ukiandika Shawwal mahali ambapo mwenye barua aliandika Mfunguo Mosi, umebadilisha lugha ya hati.

Dalili: mwaka umegeuka kuwa 1944, au safu nzima imekubaliwa isipokuwa tarehe 30 Safar

Kosa hili hutokea baada ya kusoma vizuri, wakati wa kuingiza. Lahajedwali ya Excel ikipewa «10/10/44» haijui Hijria. Huona mwaka wa tarakimu mbili, na kwa mpangilio wake wa kawaida miaka ya 30 hadi 99 huipeleka kwenye karne iliyopita. Kinachohifadhiwa ni 10 Oktoba 1944. Ukiandika mwaka wote, 10/10/1444, Excel huiacha kama maandishi kwa kuwa tarehe zake zinaanza mwaka 1900, na hapo umesalimika kwa bahati. LibreOffice haina mpaka huo; inaweza kuichukua kuwa ni tarehe halisi ya Oktoba ya mwaka 1444 wa Miladia, enzi ambazo hakuna fomu ya ndoa iliyokuwa ikipigwa chapa.

Hifadhidata ndiyo hatari zaidi, kwa sababu safu ya aina ya `DATE` itaipokea 1444-10-10 bila kunung'unika. Mamia ya tarehe yanaweza kuingia hivyo, na kila mtu akaamini mfumo unaelewa Hijria. Siri hufichuka inapofika 1444-02-30. Safar inaweza kuwa na siku 30, lakini kwa kompyuta huo ni mwezi wa Februari, na Februari 30 haipo. Ukisikia mwingizaji analalamika kwamba mfumo unakataa tarehe chache tu, zote za mwezi wa 2, usihangaike na tarehe hizo chache. Zile zilizokubaliwa ndizo zilizohifadhiwa vibaya. Kipimo cha upande wa pili ni tarehe 31. Mwezi wa Hijria haufiki siku 31 kamwe, hivyo 31 yoyote katika safu ya Hijria inamaanisha kwamba tarehe ya Miladia imeingia mahali pasipo pake.

Tiba ni kuihifadhi tarehe ya Hijria kama maandishi, na pembeni yake kuweka namba tatu za kawaida, yaani mwaka, mwezi na siku, kila moja katika safu yake. Katika Excel, safu ya maandishi ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika kitu. Ukiibadilisha baadaye, kilichokwisha kugeuzwa hakirudi. Na faili la CSV lisifunguliwe kwa kubofya tu, kwani mpangilio huo haumo ndani ya CSV na ugeuzaji hutokea upya kila linapofunguliwa. Yapitishe data kwenye njia ya kuingiza inayokuuliza aina ya kila safu.

Dalili: kwenye skrini mwaka umehamia upande wa pili

Mnakili ameandika 2023-05-01 ndani ya mstari wa Kiarabu, na skrini inaonyesha 01-05-2023. Anaifuta na kuiandika upya kinyume ili ionekane sawa, na kwa kufanya hivyo ndipo anapoiharibu.

Kilichotokea ni kwamba kanuni za kupanga maandishi ya kulia kwenda kushoto huitendea kistari tofauti na mkwaju. Tarakimu zinazofuata herufi ya Kiarabu na kutenganishwa kwa kistari huhesabiwa kuwa vipande vitatu, na vipande hivyo hupangwa kuanzia kulia. Zikitenganishwa kwa mkwaju, hubaki kipande kimoja na mpangilio wake hauguswi. Kilichohifadhiwa ndani ya faili ni kilekile katika hali zote mbili. Ni maonyesho tu yaliyobadilika. Ili kuona kilichohifadhiwa, ondoa sura ya Kiarabu:

```
s = "هـ 1444-05-10"
print(ascii(s))
# '\u0647\u0640 1444-05-10'
```

Herufi za Kiarabu zitatoka kama namba za msimbo, na tarakimu zitaonekana katika mpangilio wake wa kweli. Ukikuta 10-05-1444 humo, basi kuna aliyekwisha kuigeuza kwa mkono.

Kwa matokeo yatakayosomwa na watu, njia salama ni kuitoa tarehe nje ya mstari wa Kiarabu na kuiweka katika kisanduku chake. Isipowezekana, izungushie alama mbili zisizoonekana, U+2066 mbele na U+2069 nyuma, ambazo huiambia programu kwamba kipande hicho kisichanganywe na jirani zake. Mimi hupendelea kisanduku, kwa kuwa alama zisizoonekana hupotea mtu anaponakili na kubandika, na hakuna anayejua zilipotelea wapi.

Dalili: nakala ni nzuri, lakini matokeo yana tarehe moja tu

Ofisi moja niliyoifanyia tafsiri ya hati za ndoa ilikuwa na fomu yenye nafasi moja ya «tarehe ya ndoa». Waliokuwa wakiijaza walichagua Miladia, na Hijria ikaachwa. Miezi kadhaa baadaye mmoja wa wenye hati alitakiwa kuthibitisha kuwa tafsiri ile na hati ile ni kitu kimoja. Muhuri wa kadhi na namba ya daftari vilifuata mwaka wa Hijria, na tafsiri haikuwa na tarehe hata moja ya Hijria ya kulinganisha. Kazi yote ilirudiwa.

Chanzo ni muundo, si uzembe wa mtu. Fomu yenye tundu moja itatoa tarehe moja, hata ikijazwa na mtu makini namna gani. Rekodi ya hati ile ya Omani inapaswa kuwa hivi:

```
siku_andiko:     Jumatatu
hijria_andiko:   10 Shawwal 1444 H
hijria_namba:    1444 | 10 | 10
miladia_andiko:  1/5/2023 M
miladia_namba:   2023-05-01
hesabu:          2023-04-30 (Ummul-Qura)
tofauti:         +1
```

Alama za H na M, ambazo kwenye Kiarabu ni herufi ha na mim zinazoandikwa baada ya mwaka, zinakiliwe pamoja na tarehe. Bila hizo, 1444 bado inajieleza, lakini mwaka uliofupishwa kuwa 44 haujielezi. Ikiwa hati ina tarehe ya Hijria peke yake, sehemu za Miladia ziachwe wazi na sehemu ya hesabu ijazwe. Kisanduku kitupu kinamwambia msomaji kwamba hati haikuitaja. Ikiwa hati ina mwaka tu, kwa mfano 1444 H, hesabu iandikwe 2022/2023, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi na hauanzi Januari, na hivyo huangukia katika miaka miwili ya Miladia karibu kila mara.

Katika tafsiri yenyewe andika kwa mpangilio wa hati: «Jumatatu, 10 Shawwal 1444 H, sawa na 1/5/2023 M». Hati ikianza na Miladia, anza na Miladia. Tarehe iliyokokotolewa isiingie katika mwili wa tafsiri. Nafasi yake ni katika maelezo ya mtafsiri, ndani ya mabano ya mraba, na pale tu inapohitajika.

Inahitajika, kwa mfano, pale ambapo hati inajipinga yenyewe. Tuseme hati imeandika Alhamisi, 10 Shawwal 1444, sawa na 1/5/2023. Umepima tarakimu, umelinganisha mkono wa karani, na hakuna usomaji mwingine. Alhamisi haikubaliani na 1 Mei, wala na 30 Aprili, na usiku hauwezi kuieleza, kwani ungeisogeza siku moja tu. Yote matatu yanakiliwe kama yalivyo, kisha maelezo yaseme: «[Siku ya juma katika hati ni Alhamisi, 1 Mei 2023 ilikuwa Jumatatu.]» Kuamua ipi kati ya hizo ndiyo iliyokosewa ni kazi ya mahakama iliyoitoa hati, yenye daftari la asili.